Friza ya mtumba kutoka WhatsApp, arbuni 5,000: nimwandikishe nini muuzaji kabla sijatuma?

BintiKisauni

Assalam aleikum, hamjambo humu. Nataka friza ya sanduku, ile ya kufunulia juu, nigandishe barafu na sharubati za kuuza hapa nyumbani Kisauni. Nimeiona kwenye stetasi ya WhatsApp ya muuzaji wa Changamwe. Ni mtumba wa Uingereza, lita 200, bei 28,000 na kuileta 1,500. Anataka arbuni ya 5,000 leo leo, ati watu wengi wanaiulizia. Simjui kwa sura, namjua kwa namba ya simu na picha za mafriza. Nimemuuliza risiti, kanijibu "utaipata friza ikifika, dada usijali".

Sasa kabla sijatuma hiyo elfu 5, nimwandikishe nini? Na nimwandikishe wapi, maana karatasi hatuna, tuna hayo mazungumzo ya simu tu?

Kijana_wa_Majengo

Dada, WhatsApp si mkataba. Mkataba ni karatasi, sahihi na shahidi, kama huna hivyo huna kitu. Lakini usiogope sana, wewe tuma kwa M-Pesa. Akikuzungusha, ule ujumbe unausukuma kwa 456 na pesa inarudi. Kwisha.

KaraniMstaafu

Kijana wangu, umepata nusu kwa nusu. Tuanze na hiyo 456, maana ndiyo inayowaponza wengi. Ile njia imewekwa kwa aliyekosea namba. Ukiomba pesa irudi, mpokeaji huulizwa. Akisema "hii ni malipo ya friza, tumekubaliana", mambo husimama hapo, kwa sababu kampuni ya simu haiamui kesi ya biashara. Na kama ameshazitoa, kuna nini cha kurudisha? Kwa hiyo dada asiihesabu 456 kuwa kinga yake hata kidogo.

Kuhusu karatasi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 6, inasema bidhaa ya shilingi 200 kwenda juu inataka moja kati ya haya: maandishi yaliyotiwa sahihi, au mnunuzi awe amepokea sehemu ya bidhaa, au awe ametoa arbuni au sehemu ya malipo. Soma tena hilo la mwisho. Siku unapotuma ile elfu 5 na yeye akaipokea, mkataba umeshasimama hata kama hakuna karatasi. Tatizo lako halitakuwa "je, palikuwa na mkataba?" Litakuwa "mlikubaliana nini hasa?" Friza ipi, inafanya kazi vipi, ikishindwa nani anarudisha nini. Hayo ndiyo yanayokosekana kwenye mazungumzo mengi. Utakuta picha 9, "bei ya mwisho ngapi", "poa", halafu ujumbe wa M-Pesa. Basi.

Na kuna jambo linalokosekana zaidi ya bei: muuzaji ni nani na anapatikana wapi. Jina la ukurasa si mtu. Huwezi kulishtaki jina lenye picha za mafriza. Unamshtaki mwenyewe, kwa jina lake, na lazima kuwe na mahali pa kumfikishia hati. Mtu mwenye risiti nzuri isiyo na jina la binadamu ana karatasi ya kufungia karanga.

BintiKisauni

Ahsante mzee. Basi jina lake nalipataje bila kumfanya ajione mwizi?

KaraniMstaafu

Mwambie unataka kuandika risiti vizuri, akutumie jina lake kamili na mahali duka lilipo: mtaa, jengo, mkabala na nini. Anayeuza kihalali hujibu kwa dakika moja. Kisha unapotuma pesa, kabla muamala haujakamilika, M-Pesa hukuonyesha jina la mwenye namba. Lilinganishe na alilokutajia. Likiwa jingine, simama. Si lazima awe tapeli, pengine ni namba ya mkewe au ya kijana wa duka. Lakini mtake aandike, kwenye mazungumzo hayo hayo: "Namba hii ndiyo napokelea malipo ya friza yako." Bila mstari huo, siku ya ubishi atakuambia pesa ulimpa mtu mwingine, ukamdai huyo.

Akiwa na tili au Paybill ya duka, bora zaidi, maana jina la biashara hubaki kwenye ujumbe wako. Ila jina la biashara pia lina mtu nyuma yake. Lipate na hilo.

Fundi_Baridi

Nyote mnaongea mambo ya pesa, mie niseme ya friza, kwa sababu mkataba mzuri wa friza mbovu ni hasara tu.

Kwanza mwambie akupigie picha ya bamba. Kwenye friza ya sanduku huwa nyuma au ubavuni karibu na kompresa. Hapo pana modeli, namba ya seriali, aina ya gesi na uzito wake kwa gramu, na herufi ndogo za hali ya hewa: SN, N, ST au T. Hizi herufi watu huzipita, na kwa Mombasa ndizo zenye maana. SN na N zimetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32. ST hufika 38, T hufika 43. Mitumba mingi ya Ulaya ni SN au N, au imeandikwa mchanganyiko kama SN-T, ambayo ni nzuri kwa sababu inafika mpaka T. Friza ya N tupu kwenye jiko la bati la Kisauni mwezi wa Februari itanguruma mchana kutwa bila kupumzika. Haijaharibika, imewekwa pasipo pake. Na hilo muuzaji hawezi kulaumiwa kama hukuuliza.

Pili, picha ya kompresa, karibu. Kuna kijibomba kifupi cha shaba kinachotoka kwenye kompresa, cha kujazia gesi. Kikiwa kimebanwa na kuzibwa kama kilivyotoka kiwandani, mfumo haujafunguliwa. Ukiona kimechomelewa valvu ya kufungua na kufunga, friza imeshajazwa gesi na fundi. Si lazima iwe mbaya, ila sasa una swali: ilivuja wapi, na imejazwa gesi gani? Nyingi za siku hizi ni R600a, na mafundi wa haraka huzijazia R134a kwa sababu ndiyo waliyo nayo. Itawaka, itatoa baridi kidogo, haitagandisha. Stika ya kompresa na bamba la friza zinatakiwa zitaje gesi moja.

Tatu, video moja isiyokatwa: aanze na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo, aende kwenye bamba mpaka seriali isomeke, kisha afunue mfuniko uone barafu ndani. Picha za barafu peke yake mtu huziokota popote.

KaraniMstaafu

Fundi kanipa la kulishika. Hiyo namba ya seriali ndiyo uzi wa shughuli nzima. Iwe kwenye mazungumzo, iwe kwenye risiti, na uisome kwenye bamba friza ikishushwa. Mahali patatu, namba moja. Risiti ya "friza 1, 28,000" haisemi friza ipi, na mtu anaweza kukuletea nyingine inayofanana nayo kama pacha.

Sasa dada, huu hapa ujumbe. Usimwachie yeye aandike. Andika wewe, mtumie, yeye ajibu. Nafasi zilizo wazi zijaze:

> Nathibitisha tulivyokubaliana leo tarehe … Wewe (jina kamili), wa duka lililoko (mahali), unaniuzia mimi (jina kamili) friza moja ya sanduku, mtumba, lita 200, modeli …, seriali …, gesi …, inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri. Bei ni 28,000 na usafiri 1,500. Nalipa arbuni 5,000 leo kwa namba … yenye jina … Nitalipa 18,000 na usafiri friza ikishushwa mlangoni kwangu na seriali ikiwa ni hii. Nitalipa 5,000 za mwisho baada ya saa 48 za kuijaribu. Isipofika baridi hiyo ndani ya muda huo, nitakujulisha hapa, utaichukua kwa gharama yako na utanirudishia 24,500 ndani ya siku 3. Ikiharibika njiani kabla ya kushushwa, ni juu yako. Nikighairi bila kosa lako, utabaki na … Ukikubali jibu "Nakubali" na jina lako kamili.

Zile 24,500 ni 5,000 na 18,000 na 1,500 ya usafiri, maana 5,000 za mwisho utakuwa bado unazo mkononi. Na hizo za mkononi, dada, ndizo zitakazomfanya apokee simu yako siku ya pili. Kuliko wakili.

Hilo la njiani nimeliweka kwa sababu. Sheria huchukulia kwamba muuzaji akishamkabidhi msafirishaji, amekukabidhi wewe, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ukituma tuktuk yako mwenyewe Changamwe, ikapinduka pale Kibarani, friza iliyopinduka ni yako. Basi aliyetaja bei ya usafiri ndiye alete.

MuuzajiMtumba

Nauza vitu hivi hivi, naomba nisikike na mimi. Mzee, masharti yako yamelalia upande mmoja. Saa 48 mnunuzi ana friza yangu na ana pesa yangu. Katika hizo saa anaita fundi wake, fundi anakata bomba "aangalie gesi", gesi inaisha, kisha naambiwa nimeuza kitu kibovu. Kuna na mwingine anaijaza maji ya kuuza sokoni siku ya kwanza, chupa 60 za moto, halafu saa sita baadaye ananipigia kelele haigandishi. Mimi nikikubali kubakisha pesa, nataka na yangu yaandikwe: hakuna fundi wa kuifungua ila nikiwepo, na majaribio yafanywe kwa utaratibu. Stika naweka juu ya kijibomba, ikikatika hakuna madai.

Na arbuni ya kuwekewa ni haki yangu. Nikikuwekea wiki nzima nimewakataa wengine watatu.

Fundi_Baridi

Kaka uko sawa, tena hiyo stika ni nzuri kwa wote wawili. Akiibandika, apige picha ikiwa juu ya kijibomba, aitume. Mnunuzi naye apige picha ikishushwa.

Utaratibu wa majaribio basi uwe hivi. Ikishushwa, isiwashwe papo hapo. Kama ilikuja imesimama, ipe saa 2 au 3. Kama ililazwa kwenye tuktuk, na nyingi hulazwa, mafuta ya kompresa yameshatembea kwenye mabomba. Iache wima mpaka kesho yake, au angalau saa nyingi kadiri ilivyolazwa njiani. Kisha iwashwe tupu, thamostati juu kabisa, mbali na jiko, na upenyo wa kiganja kila upande. Iachwe usiku kucha bila kufunuliwafunuliwa. Asubuhi uwe na kipimajoto ndani, kile cha friji, na uweke chupa 5 za lita moja, zisijazwe hadi mdomo. Asubuhi inayofuata ziwe mawe.

Mchana wa kwanza tazama kuta za ndani. Ukungu wa barafu ukitanda kuta zote sawasawa, gesi inatosha. Ukitanda kona moja tu na kuta nyingine zina jasho, gesi ni pungufu, na hiyo haitajirekebisha. Kompresa ikiwaka dakika chache, ikalia "tak", ikazima, ikarudia hivyo hivyo, shida ni ya umeme wa kompresa yenyewe au ya kompresa. Hapo pima kwanza umeme wa nyumba kabla hujamlaumu mtu, maana mitaa mingine jioni umeme hushuka mpaka taa zinakuwa nyekundu.

Ndiyo maana kujaribu kwa dakika 10 mbele ya dereva wa tuktuk hakuthibitishi kitu. Kompresa ikinguruma na bomba likawa baridi, hata friza yenye gesi nusu hufanya hivyo.

Kijana_wa_Majengo

Sawa nimejifunza. Ila hiyo ya kubaki na arbuni mtu akighairi, mbona mashekhe wetu hawaikubali? Sisi Mashafii arbuni ya kupotea haifai, tumesomeshwa hivyo chuoni.

MuuzajiMtumba

Mahanbali wanaikubali.

Kijana_wa_Majengo

Wewe leo umekuwa Mhanbali?

MuuzajiMtumba

😂 Kwenye arbuni tu.

KaraniMstaafu

Hilo mimi siliamui, kila mtu na shekhe wake. Nasema hivi: liandikwe. Wengine huandika "utabaki na 0". Wengine huandika gharama halisi iliyotokea, tuseme usafiri ulioshalipwa. Kibaya ni kunyamaza, maana hapo muuzaji hudhani 5,000 zote ni zake na mnunuzi hudhani zote zinarudi. Na kwa vile tumeingia chuoni, ile aya ndefu kuliko zote, ya 282 katika Baqara, inahusu hili hili la kuandikiana. Kwa hiyo dada asione haya kumtumia mtu ujumbe mrefu.

MamaSofa

Samahani nadandia. Mimi nilimlipa fundi wa sofa niliyemkuta Facebook 22,000 kati ya 45,000, ya viti 7. Alisema wiki mbili, sasa ni miezi miwili, risiti hakunipa, na pesa ilikwenda kwa jina la mwanamke nisiyemjua. Niende polisi au nimechelewa?

Kijana_wa_Majengo

Nenda polisi mara moja mama, huo ni wizi, wamfuate kwa namba ya simu.

KaraniMstaafu

Taratibu. Mama, ukienda kituoni leo na hayo tu, afisa huenda akakuambia hiyo ni kesi ya madai, na si kwamba anakufukuza. Fundi anayechelewa amevunja ahadi. Kosa la jinai, kujipatia mali kwa udanganyifu, linataka ionekane alikudanganya tangu mwanzo: jina la uongo, duka lisilokuwepo, sofa hiyo hiyo kauziwa watu wanne. Ukiwa na dalili za namna hiyo, nenda uandikishe, upewe namba ya OB uihifadhi.

La kufanya kwanza ni kumfanya akiri kwa maandishi, bila ugomvi. Usiandike "mwizi nirudishie pesa yangu". Atakufungia. Andika hivi: "Fundi salama? Zile 22,000 nilizotuma tarehe fulani kwa namba ya fulani, za sofa ya viti 7, baki yangu ni 23,000. Sofa itakuwa tayari tarehe ngapi?" Yeye atakujibu "tulia mama, wiki ijayo inatoka". Hapo amekiri pesa kaipata, amekiri ile namba ni ya kwake kupokelea, amekiri kazi, na amejipa tarehe. Risiti umeshaipata, ingawa hajui kama amekupa.

Kisha, tarehe ikipita, unamwandikia kumpa siku 7 za kumaliza au kurudisha. Baada ya hapo ni Mahakama ya Madai Madogo, iko Mombasa. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, Kiswahili kinakubalika, na sheria inataka ishughulikie kesi ndani ya siku 60. Lakini narudi pale pale: utamshtaki nani, na hati apelekewe wapi? Tafuta jina lake kamili na karakana yake sasa, wakati bado anakujibu.

MamaSofa

Karakana naijua, iko Bombolulu. Ahsante sana, namwandikia sasa hivi.

BintiKisauni

Mzee, na hayo mazungumzo mahakamani yanakubaliwa kweli? Nikipiga skrinshoti si atasema nimetengeneza?

KaraniMstaafu

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, inakubali kumbukumbu za kielektroniki. Kifungu cha 106B kinataka ziambatane na cheti, yaani tamko unaloandika na kutia sahihi, ukieleza ni mazungumzo gani, yalitoka simu gani, na uliyatoaje mpaka yakawa karatasi. Ya Madai Madogo haibanwi na kanuni kali za ushahidi kama mahakama nyingine, lakini cheti ukiwa nacho umemfunga mwenzako mdomo.

Makosa ya skrinshoti ni haya. La kwanza, umemhifadhi kwa jina "Friza Changamwe", basi juu ya skrini linaonekana jina hilo wala si namba. Hata ukiyatoa mazungumzo yote kwa `Export chat`, hutoka na jina ulilomhifadhia. Kwa hiyo piga na picha ya ukurasa wake unaoonyesha namba. La pili, umekata vipande vizuri kwako, tarehe hazionekani, na katikati pana pengo. Piga kwa mfululizo, ujumbe wa mwisho wa picha moja uwe wa kwanza wa picha inayofuata. La tatu, mmewasha `Disappearing messages`, au yeye kawasha. Angalia leo kabla hujatuma kitu, uizime. Na kwa kuwa mtu anaweza kufuta ujumbe wake kwako pia kwa zaidi ya siku mbili baada ya kuutuma, akishajibu "Nakubali" toa nakala siku hiyo hiyo, uitume kwenye barua pepe yako. Simu huanguka baharini, hasa kwenye feri ya Likoni 😀

Kama masharti aliyasema kwa sauti, usitegemee ile sauti. Mwandikie: "Umesema kwenye sauti kwamba…" Ajibu.

MuuzajiMtumba

Na risiti mzee? Maana mimi kitabu ninacho, cha kununua dukani, chenye nakala ya kaboni.

KaraniMstaafu

Kinatosha, shida ni kinavyojazwa. Kila malipo risiti yake, usisubiri zote ziishe. Ya kwanza iandikwe "arbuni", kiasi 5,000, baki 23,000, seriali, na ile namba ya muamala ya M-Pesa, yenye herufi na tarakimu, jumla 10. Tarehe, jina la aliyepokea, sahihi. Anapiga picha na kuituma siku hiyo hiyo, kwa hiyo "utaipata friza ikifika" si sababu. Kosa kubwa nililoliona kwenye risiti nyingi ni kuandika bei kamili bila baki. Hapo mnunuzi mjanja husema alimaliza, na muuzaji mjanja hubishana ni ya nini. Biashara iliyo kwenye mfumo wa kodi hutoa ankara ya eTIMS yenye msimbo wa kuskani, hiyo ni nzuri zaidi. Lakini risiti ya kodi nayo haitaji ahadi ya kurudisha. Ile ahadi inabaki kwenye ujumbe.

Na moja husahauliwa kabisa: friza ikirudishwa, usiiachie ibebwe bila risiti ya kurudi. "Nimepokea friza seriali fulani kutoka kwa fulani, nadaiwa 24,500." La sivyo friza imekwenda, pesa imebaki, na huna hata cha kumwonyesha fundi.

BintiKisauni

Nimemtumia jana. Kajibu "Nakubali", jina kaandika, linalingana na la M-Pesa, na duka kataja. Video kaleta, seriali inasomeka, kijibomba kimezibwa kama cha kiwandani. Ila kabadilisha mawili: majaribio saa 24 badala ya 48, na za kubakisha 3,000. Arbuni nikighairi anabaki na 1,000. Bamba linasema R600a, na hali ya hewa ni N.

Fundi_Baridi

N. Basi isikae jikoni. Iweke chumba chenye dirisha, upande usiopigwa na jua la alasiri, na usitegemee igandishe maji ya moto ya bomba la juani kwa usiku mmoja. Kwa barafu chache itafaa. Kwa biashara ya kila siku mchana wa joto itakula umeme, mie ningemtaka apunguze bei au aniletee ST. Lakini wengine wanazo za N miaka na zinafanya.

MuuzajiMtumba

Kwa 28,000 ya lita 200 ST hapati. Nasema ukweli.

KaraniMstaafu

Hilo la bei malizaneni wenyewe. Mimi naona saa 24. Saa 24 tangu lini, dada? Kama ni tangu kushushwa, na fundi anasema ikilazwa isimame mpaka kesho yake, muda wako umekwisha kabla hujaiwasha. Mwandikie: "saa 24 tangu kuwashwa, nami nitakutumia picha nikiiwasha." Halafu rekebisha hesabu: ukibakisha 3,000, ikishushwa unalipa 20,000 na usafiri, na ya kurudisha inakuwa 26,500. Ajibu tena "Nakubali" kwa ujumbe huo mpya, maana ule wa jana bado unasema 48 na 24,500.

BintiKisauni

Nimemwandikia. Alama mbili za buluu zimewaka, hajajibu. Arbuni sijatuma.